Kumvisha mteja koti la kitenge bila kugusa mkao wake

*Habari za kazi, mtaalamu. Nina studio ndogo ya picha Morogoro. Mteja wangu alipigwa picha amekaa kwenye stuli, amekunja mikono kifuani, amevaa jaketi la jinzi. Fundi wake wa nguo ametuma picha ya koti la kitenge likiwa kwenye henga, na wote wawili wanataka tangazo linaloonyesha amelivaa, kwa mkao uleule. Nimejaribu programu za akili mnemba. Mara vidole vinabadilika, mara koti linatoka na mifuko ya jaketi la zamani, mara maua ya kitenge yananyooka kama bango. Nifanyeje ili mkao na mikunjo vibaki?*

Dada, kabla hujafungua programu yoyote, ikuze hiyo picha na utazame mikunjo ya jaketi. Iko ya aina mbili, na ni moja tu unayotaka ibaki.

Mtu akikunja mikono, nguo yoyote aliyovaa huvutwa mahali palepale. Hujikunja upande wa ndani wa kiwiko, hubanwa kwapani, huvutika kutoka begani kuelekea mkono uliopita juu, na kwa kuwa amekaa, hujaa kidogo tumboni. Hiyo ni mikunjo ya mwili, nayo ndiyo inayolifanya jicho liamini kwamba nguo imevaliwa na mtu huyu, katika mkao huu. Ya pili ni mikunjo ya kitambaa. Jinzi ni nzito na ngumu, hivyo hujikunja mara chache, kwa mikunjo minene ya mviringo. Pamba ya kitenge ni nyepesi zaidi. Mikunjo yake ni mingi, myembamba, yenye kingo kali, na bitana ikiwekwa ndani huipunguza bila kuimaliza. Ukihamisha mikunjo yote ya jaketi kama ilivyo, utapata jinzi iliyochapwa maua. Mtazamaji wa kawaida hataweza kukuambia tatizo ni nini, lakini mwanamke anayenunua vitenge atakuambia mara moja kwamba hicho si kitenge.

Basi lengo ni hili: mikunjo mikubwa ibaki mahali pake na iendelee kuelekea ilikokuwa ikielekea, na ile midogo izaliwe upya. Na njia ninayokushauri kwa kitambaa chenye maua makubwa ni kutenganisha kazi mbili ambazo programu hulazimishwa kuzifanya kwa mkupuo mmoja. Iache programu itengeneze koti lisilo na maua, la kijivu chepesi, kwenye mwili wa mteja. Kisha kitenge ulitandaze wewe mwenyewe juu ya lile la kijivu.

Pengine utauliza kwa nini usichukue tu vivuli vya jaketi lenyewe, uvifanye kijivu, na kutandika maua chini yake. Njia hiyo ni ya zamani na inafaa sana pale nguo mbili zinapofanana mkato na uzito, kwa mfano koti la suti la rangi ya bahari kuwa la kahawia. Kwako kuna vizuizi viwili. Kwanza, jaketi la jinzi huishia kiunoni na koti la kitenge hufika nyongani, kwa hiyo mteja akiwa amekaa, pindo la koti litalala juu ya mapaja, sehemu ambayo jaketi halikuifikia kabisa. Pili, na hili huwapata wengi, jinzi huchakaa kwa kupauka. Ile mistari myeupe kwenye viwiko na kandokando ya mishono ni rangi iliyotoka, haihusiani na mwanga wa siku ile. Ukiigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, mpauko na mwanga huonekana kitu kimoja, na koti lako jipya litatoka na michirizi ya uchakavu.

Tuanze na maski, maana hapo ndipo vidole vyako vinapoharibikia. Maski ni eneo unaloiruhusu programu ilichore upya. Wengi huichora kwa kufuata ukingo wa jaketi kwa uangalifu mkubwa, na hilo ndilo linalozaa koti lenye umbo la jaketi: programu imepewa tundu lenye umbo la jaketi la jinzi, nayo inalijaza hivyohivyo. Ipanue kwa nje kila mahali ambapo koti jipya linaweza kufika. Kwako, ishushe hadi katikati ya mapaja, iongeze kidogo mabegani, na ipandishe hadi chini ya shingo ili kola mpya ipate nafasi. Vitu viwili havifunikwi: shingo na uso, na viganja. Kwenye viganja fuata ukingo wa kila kidole, ukiwa umeikuza picha, na uache vidole nje ya maski kabisa. Mkono mmoja hapo umefichwa chini ya kwapa na vidole vichache tu vinachungulia. Hivyo navyo uvizungushie, maana programu ikivifunika haitajua vilikuwa vingapi.

Nikueleze kwa nini mkao wako unaisumbua mashine. Injini za akili mnemba zilizo ndani ya programu hizi huitwa modeli. Modeli nyingi za kuvisha nguo, kama IDM-VTON na CatVTON za mwaka 2024, zilifunzwa na kupimwa kwa mikusanyo ya picha kama VITON-HD, ambayo ni picha za wanawake wanaotazama mbele, kila mmoja akiambatanishwa na picha ya vazi la juu. Mwanamume aliyeketi na kukunja mikono si kitu modeli hizo zimezoea kukiona. Ukiiachia programu ijikatie maski yenyewe, mara nyingi itafunika mikono yote kwa pamoja na kuibuni upya. Ndiyo maana nasisitiza maski ya mkono wako.

Sasa ukubwa. Programu hizi haziishughulikii picha pikseli kwa pikseli. Kwa modeli za jamii ya Stable Diffusion, picha hubanwa kwanza, kila mraba wa pikseli 8 kwa 8 ukigeuzwa kuwa chembe moja. Kifungo cha upana wa pikseli 16 kinabaki na chembe 2 tu za kukieleza, na ndiyo maana kinarudi kama doa. Dawa yake ni kutoipa picha nzima. Kata kipande kutoka kidevuni hadi magotini, kikuze hadi upande mrefu uwe kama pikseli 1,024 au zaidi kwa kadiri kompyuta yako inavyomudu, fanya kazi hapo, halafu kirudishe mahali pake. Andika pembeni ulikikata kuanzia pikseli ya ngapi, ili kisirudi kimesogea.

Picha ya henga nayo inataka maandalizi. Tengeneza nakala yake, chagua koti peke yake, na ulipake kijivu chepesi hadi maua yafifie karibu yote, lakini mstari wa kola, mifuko na ukingo wa mbele uendelee kuonekana. Mstari ukipotea, uchore upya kwa brashi nyembamba. Usuli uwe mweupe. Kwa njia hiyo programu inapokea mkato wa nguo bila kubebeshwa maua. Kama unatumia programu inayopokea maelezo ya maandishi, yaandike kwa Kiingereza, kwa sababu modeli hizi zimefunzwa zaidi kwa lugha hiyo. Na utaje kitambaa na mkao:

```
plain light grey cotton coat, tailored, lined, long sleeves,
hip length, seated man, arms crossed, soft window light from left
```

Upande wa mwanga ubadilishe kulingana na picha yako. Utazame kivuli cha pua, kitakuambia.

Ili mikunjo ya mwili ibaki, programu inahitaji kuonyeshwa umbo la mtu. Katika ComfyUI na programu nyinginezo za kuendesha modeli unaweza kuongeza ControlNet, nyongeza inayoilazimisha modeli ifuate ramani fulani. Ramani za kawaida ni tatu. Ya mifupa huonyesha viungo tu: itakupa mikono iliyokunjwa lakini haijui nguo inajaa wapi. Ya mistari huchukua kila mshono, mfuko na kifungo cha jaketi. Hiyo ndiyo inayokuletea mifuko ya jinzi juu ya koti, hivyo iache. Unayoitaka ni ramani ya kina, inayoonyesha kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Inabeba mkono uliotokeza mbele ya kifua, kwapa lililozama na ile mikunjo mikubwa, bila kubeba mapambo ya jaketi.

Usiipe nguvu zote, hata hivyo. Modeli huanza na vurugu tupu ya madoa na kuisafisha hatua kwa hatua. Hatua za mwanzo huamua maumbo makubwa, za mwisho huamua nyuzi na vikunjo vidogo. Basi iache ramani ya kina itawale mwanzo na iondoke mapema. Mimi huanza na nguvu ya 0.6 na kuizima safari ikifika kama asilimia 60:

```
strength: 0.6
start_percent: 0.0
end_percent: 0.6
denoise: 1.0
```

Ukiona umbo la kola ya jinzi linajitokeza chini ya kola mpya, punguza `end_percent` kidogo. Ukiona mkono wa nguo haufuati tena mkono wa mtu, iongeze. Na `denoise` isiwe nusunusu. Ukiiweka 0.5 kwa kudhani unalinda mikunjo, unachokilinda kwa kweli ni rangi ya buluu na mishono ya jinzi, kwa sababu sehemu ya picha ya zamani inabaki ndani. Toa matoleo kadhaa kwa namba tofauti za `seed`, ile inayoamua vurugu ya mwanzo, na uchague moja kwa kutazama kiwiko na kwapa, si kwa uzuri wa kola. Kola utaitengeneza kwa brashi, kiwiko kilichokosewa ni kazi ya kuanza upya.

Sasa una mteja aliyevaa koti la kijivu, na tunakuja kwenye kitenge. Mwombe fundi picha ya kitambaa chenyewe kikiwa kimetandazwa mezani, imepigwa kutoka juu moja kwa moja, na futi yake ya kupimia ikiwa kandoni. Mwombe pia kipimo cha mabega cha mteja, lazima anacho. Hapo utapata ukubwa sahihi wa maua, kitu ambacho hakuna programu itakayokukisia vizuri. Tuseme mabega ni sentimita 45 na kwenye kipande chako yanachukua pikseli 900. Kila sentimita ni pikseli 20. Ua la sentimita 12 kwenye kitambaa linatakiwa liwe pikseli 240 kwenye kifua. Maua yakiwa madogo kuliko hapo koti litaonekana kama shati la mtoto, na fundi atakataa kwamba hicho ni kitambaa chake. Mkono uliotokeza mbele uko karibu zaidi na kamera, kwa hiyo maua yake yanaweza kuwa makubwa kidogo kuliko ya kifuani.

Usitandaze kitambaa kama shuka moja. Fikiria kama fundi: koti hukatwa vipande, na maua hayavuki mshono kwa kuendelea. Weka leya tofauti kwa kifua cha kulia, kifua cha kushoto, kila mkono, na kola. Kwenye mkono uliokunjwa utahitaji leya mbili, moja ya kutoka begani hadi kiwikoni na nyingine ya kutoka kiwikoni hadi kifundoni, kila moja ikizungushwa ifuate mfupa wa sehemu yake. Hapa ndipo ubango unapoisha. Kwa kuwa mkono umelala kukatisha kifua, maua ya mkono lazima yalale pia, wakati yale ya kifua yamesimama.

Kisha pindisha maua yafuate mikunjo. Chukua koti la kijivu, lifanye picha ya weusi na weupe, litie ukungu kidogo kwa `Gaussian Blur`, na ulihifadhi kama faili la PSD. Katika Photoshop nenda `Filter > Distort > Displace` ukitumia faili hilo. Katika GIMP ni `Filters > Map > Displace`. Programu itasukuma maua kulingana na wepesi wa kivuli: kijivu cha katikati, yaani 128, hakisogezi kitu, kilicho cheusi zaidi kinasukuma upande mmoja na cheupe zaidi upande wa pili. Anza na 10 kwa pande zote mbili kisha uongeze. Ukiruka kutia ukungu, kila chembechembe ya kitambaa itayavunja maua na kingo zake zitakuwa kama msumeno.

Kuna mahali pamoja ambapo `Displace` haitoshi, nako ni ndani ya kiwiko. Pale kitambaa hakijainama tu, kimezama ndani na kujificha. Ua linaloingia kwenye mkunjo haliwezi kutokea upande wa pili likiwa zima, maana sehemu yake imemezwa. Kata leya ya maua kwenye mstari wa mkunjo huo, sogeza upande wa chini kwa upana wa kitambaa kilichomezwa, kama nusu ua hivi, na uache maua yakatike. Fanya hivyo kwenye mikunjo miwili au mitatu mikubwa tu, kiwikoni na kwapani. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi yote inayoifanya picha iaminike, na watu huiruka kwa sababu inaonekana kama kuharibu kitenge kizuri.

Juu ya maua weka koti la kijivu kwa hali ya `Multiply`. Kwanza fungua `Levels` ulipandishe, sehemu yake inayopata mwanga zaidi iwe karibu nyeupe, la sivyo kitenge chote kitafifia kama kimelowa. Kitenge chako kikiwa na nyeusi nyingi, `Multiply` haitaonyesha mwanga juu ya nyeusi hiyo na mikunjo itapotea hapo. Ongeza nakala nyingine ya lile koti la kijivu kwa hali ya `Screen`, `Opacity` iwe asilimia 10 hadi 15, na uifunge kwenye sehemu nyeusi peke yake.

Sasa rudisha kwenye picha ya asili, na urudishe koti tu. Hata nje ya maski, picha iliyopita kwenye modeli hutoka imebadilika kidogo, ngozi ikawa laini na kucha zikafifia, kwa sababu ya kule kubanwa na kufumuliwa. Ngozi ya mteja lazima iwe ile iliyopigwa na kamera yako. Kwa leya ni rahisi. Ukipenda Python, hii inatosha, mradi maski na picha ziwe na ukubwa mmoja:

```python
from PIL import Image, ImageFilter
asili = Image.open("asili.png").convert("RGB")
mpya = Image.open("koti.png").convert("RGB")
maski = Image.open("maski.png").convert("L")
maski = maski.filter(ImageFilter.GaussianBlur(2))
Image.composite(mpya, asili, maski).save("tayari.png")
```

Ukishaunganisha, kuza picha kwenye vidole. Utakuta uzi mwembamba wa buluu kandokando yake, mabaki ya jinzi ambayo maski haikuyafikia. Upake kwa rangi ya kivuli cha kitenge kilicho jirani. Tazama pia chini ya kidevu: nguo hurudisha rangi yake kwenye ngozi, na jaketi la buluu lilikuwa limeacha ubaridi kidogo pale. Leya ya hali ya `Color` yenye rangi kuu ya kitenge, kwa `Opacity` ndogo sana, inaondoa ule ubaridi. Halafu vivuli vya vidole juu ya nguo. Programu mara nyingi huvisahau, na bila vivuli hivyo viganja vitaonekana vimebandikwa. Vichore kwa brashi laini, upande uleule vilipokuwa kwenye jaketi.

Kupima kama mkao umebaki, weka picha ya zamani juu ya mpya, zote zikiwa nyeusi na nyeupe, uwashe na kuzima leya ya juu harakaharaka. Kivuli kikubwa chini ya mikono kisiruke, na mstari wa bega usipande wala kushuka. Vikunjo vidogo vikibadilika ni sawa. Kisha fuata safu moja ya maua kwa kidole kutoka begani hadi kiwikoni. Ikinyooka njia nzima bila kuvunjika popote, rudi kwenye `Displace`. Mwisho tazama vifungo: kwa koti la kiume huwa upande wa kulia wa mvaaji, ukingo wa kushoto ukifunika wa kulia. Programu hukosea hapo mara kwa mara, na fundi ataliona hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna mipaka ya kukubali. Kama koti la fundi lingekuwa na mikono mifupi, ingebidi programu ibuni ngozi ya mteja ambayo haikupigwa picha, pamoja na makovu na rangi yake. Hapo mwite mteja umpige upya. Na kwa kuwa hili ni tangazo la biashara, soma leseni kwanza: IDM-VTON na CatVTON zimetolewa kwa leseni ya CC BY-NC-SA 4.0, ambayo hairuhusu matumizi ya kibiashara. Tafuta modeli ambayo leseni yake inaruhusu, hatua nilizokueleza hazibadiliki. Chukua ridhaa ya mteja kwa maandishi, na mshauri fundi aandike kwenye tangazo kwamba picha imehaririwa, maana anayeagiza koti kwa kulitazama hapo atategemea likae mwilini hivyohivyo.

Lile faili la koti la kijivu na leya zake lihifadhi. Fundi akileta kitenge kingine kwa mkato huohuo, utabadilisha kitambaa peke yake, na kiwiko ulichokihangaikia kitakuwa kimeshakaa sawa.